Mzimu wa Watu wa Kale: Bwana Msa Bado Anatupiga Chenga? | Uhakiki wa Kitabu

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960. Kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, asiyeamini kwamba mizimu huua watu. Nimeisoma upya kuona kama fumbo bado linasimama. Linasimama, ingawa katikati mazungumzo yanarefuka kuliko ninavyopenda.

Utanzu: riwaya ya upelelezi, ya kufumbua fumbo kwa akili. Si ya kutisha, jina lisikudanganye.

Kufichua kisa: kidogo tu hadi 08:15, nasema yale unayoyajua mapema kitabuni. Baada ya hapo namtaja muuaji bila kuzungukazunguka. Hujasoma? Ruka hadi 13:40. Na tafadhali, kwenye maoni usitaje jina la muuaji, wengine husoma maoni kabla ya video.

Itamfaa: anayependa kukisia pamoja na mpelelezi, na anayefurahia Kiswahili cha Unguja chenye mzaha na misemo. Ukitaka mbio na risasi kila ukurasa, utachoka. Anayejifunza lugha aje na kamusi.

00:00 Utangulizi
01:10 Kisa kwa ufupi
03:30 Bwana Msa ni mtu wa aina gani
06:05 Lugha
08:15 TAHADHARI: muuaji anatajwa
13:40 Nani asome, nani aache

#UhakikiWaVitabu #RiwayaZaKiswahili #Upelelezi #BwanaMsa #MuhammedSaidAbdulla