Pole, Mama Kulwa

Mama Kulwa, mdogo wangu,

Ujumbe huu ni mrefu. Usome ukipata nafasi, hata kesho kutwa, na usijibu. Najua simu yako sasa hivi imejaa pole za watu hadi inakuchosha kuishika.

Jana pale makaburini nilikushika mkono, na neno halikutoka. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja aliyekwambia "jikaze", nyuma yangu mzee mmoja akakwambia "jikaze, wewe ndiye mkubwa", nami nikaona nikifungua mdomo nitasema hilo hilo. Nikanyamaza. Usiku nimekaa na simu, nikaandika "kazi ya Mungu haina makosa", nikafuta. Si kwamba naikana. Sisi kwetu tuna yetu ya Kiarabu, nyinyi mna "Bwana alitoa", na zote nazikubali. Ila umeshaambiwa hayo mara mia tangu Jumanne, na hakuna hata moja lililomtaja baba yako. Mimi nataka kumtaja.

Baba yako nilimjua kidogo tu, lakini kidogo hicho ninacho. Unakumbuka ile mara ya kwanza alipokuja shuleni na kile kiroba cha michembe? Wewe ulikuwa darasani, mimi ndiye niliyempokea. Akanisalimia "Mwangaluka", nikamjibu "Marahaba, baba". Mzee alicheka mpaka akavua kofia! Akanikalisha chini kama mtoto wa darasa la kwanza, akanifundisha: ukiambiwa mwangaluka, nawe unasema mwangaluka, ukiulizwa mhola, unasema mhola. Miaka saba nilikuwa nimeishi Mwanza, mtu wa Pangani mimi, na hakuna aliyejali kunifundisha hilo. Tangu siku ile kila akija ananipima kwanza pale mlangoni, ndipo anakaa. Na michembe alikuwa ananitengea mfuko wangu mdogo, ameufunga kwa kitambaa, eti ya walimu wengine ni ya kwenye kiroba na ya mkwe wa Tanga ni hii. Ukwe wenyewe sikuwahi kuuelewa.

Halafu zile hadithi zake za kivuko. Miaka yote aliyopanga magari pale Kigongo na Busisi, roli la pamba huku, basi kule, pikipiki zijazie mapengo, na wenye haraka wakimtukana naye anawaonyesha tu kwa mkono wapi pa kusimama. Daraja lilipofunguliwa ile Juni ya 2025 nilidhani atalichukia. Nikamuuliza. Akasema hapana, daraja ni zuri, mgonjwa anafika Bugando akiwa hai, mama mjamzito hazalii foleni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ila mwalimu, siku hizi tunavuka bila kusalimiana."

Jana tulipokuwa tunarudi, walimu kumi na wanne kwenye Hiace, hayo maneno ndiyo yalinijia pale juu ya maji. Dakika chache tu, ziwa limekwisha. Zamani tungekaa pale tukisubiri zamu, tungenunua karanga, tungeongea habari zake mpaka ng'ambo. Nikawaambia walimu alichosema. Basi gari zima likaanza kila mtu na lake la baba yako. Mwalimu wa michezo anasema ndiye aliyemwonyesha namna ya kumchagua sato kwa macho yake na si kwa tumbo. Sikujua kama hata yeye anamjua. Tulifika Mkolani bado tunaongea.

Mama Kulwa, lia. Ukubwa wako hauhusiani. Mdogo wako analia, wajomba wamelia, sijui kwa nini wewe peke yako ndiye uwe wa kuhesabu sahani na kuuliza kama maji ya wageni yapo. Jana nilikuona unasimama kila dakika tano. Kama ndivyo unavyopumua, sawa, simama, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Mama yangu alipofariki 2019 nilifua mashuka ya nyumba nzima usiku wa manane na hakuna aliyeweza kunizuia.

Na kwa kuwa nilishapita huko, nikwambie kimoja tu. Kwangu mimi msiba ulianza walipokunja turubai. Watu walipokuwepo nilikuwa na kazi. Walipoondoka nikabaki na kikombe chake. Wiki ya tatu nilipiga namba yake nikitaka kumuuliza ile dawa ya kikohozi ya majani anachanganya na nini. Nilishabonyeza ndipo nikakumbuka. Likikupata la namna hiyo usidhani unarukwa na akili. Nipigie mimi, hata saa nane usiku, hata kama huna la kusema. Baba Zuhura ameshazoea simu za usiku.

Sasa ya huku, ili usiwaze. Darasa lako la 4B ninalo mimi, Hisabati yote. Tuko kwenye sehemu, na andalio lako nimelikuta kwenye droo, limepangwa vizuri kuliko langu, kwa hiyo nafuata lako. Najua unawaza upimaji wa Oktoba. Usiuwaze. Sayansi amechukua mwalimu wa 4A. Mwalimu Mkuu ameandika ruhusa yako mwenyewe, na amesema usifike mlango wa shule kabla mambo ya nyumbani hayajatulia. Watoto wanakuuliza kila siku. Jana asubuhi kabla hatujaja huko, yule wa dawati la nyuma asiyeongea kamwe alinifuata mpaka ofisini akaniuliza: "Mwalimu wetu amekula?" Nikamwambia nitakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza: umekula?

Rambirambi ya walimu, shilingi 285,000, tumemkabidhi kaka yako mkononi, na daftari la majina analo. Kuna wawili watatoa mwisho wa mwezi, hiyo nitakuletea wewe mwenyewe. Sikutaka ikupitie jana, ulikuwa na mengi mikononi.

Pacha wako hawa ni hazina. Kulwa alitulia, lakini Doto alikuja kunikalia mapajani wakati wa ibada akaniuliza nani sasa atawafungulia ndama asubuhi. Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutamuuliza mama jioni. Akikuuliza, ndiyo hiyo. Nadhani anachotaka ni kupewa kazi ya kufungua ndama yeye mwenyewe, mpaka mtakaporudi mjini.

Siku moja, si sasa, naomba uniambie ile hadithi ya baba yako na kiboko. Alinianzia mara mbili na mara zote kengele ikalia kabla kiboko hajafika kwenye kivuko.

Mkisharudi hapa Mwanza, Jumamosi ya kwanza nitakuja kwako saa nne asubuhi. Nitapitia mwaloni Kirumba, kwa hiyo samaki juu yangu, na unga ninao. Usipike, usipange nyumba, usivae vizuri. Ukitaka tuongee tutaongea, ukitaka kulala utalala nami nitakaa na watoto. Lile sufuria lako kubwa ulilonipa siku ya Idi bado liko kwangu, nitakuja nalo.

Mama Zuhura,
meza ya dirishani