Jozi ya tatu: picha mbili za pwani

Mtihani wa kuzungumza, Kiswahili ngazi ya juu, Unguja. Watahiniwa ni Nakato wa Jinja, Uganda, na Marek wa Polandi. Sehemu ya pili.

MTAHINI: Haya, Nakato, picha zako hizi mbili. Zote ni za watu wanaotafuta riziki baharini. Zilinganishe, kisha useme unadhani kazi ipi inachosha zaidi. Una dakika mbili. Marek, wewe sikiliza tu, zamu yako inakuja.

NAKATO: Asante, mwalimu. Kwanza, zote zimepigwa ufukweni, na kote watu wako kikundi. Ila hii ya kushoto ni wanawake watupu, na ya kulia sioni mwanamke hata mmoja... aa, samahani, yupo, kule nyuma, ameshika ndoo. Huenda ni mkaanga samaki anasubiri bei ishuke.

Hawa wa kushoto bila shaka ni wakulima wa mwani. Naona vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, na kamba zimefungwa toka kijiti hadi kijiti. Maji yamewafika magotini tu, kwa hiyo bahari itakuwa imekupwa, tena pengine ni bamvua, maana mchanga uko wazi mpaka mbali kabisa. Ni wapi? Siwezi kuapa, lakini yaelekea ni pwani ya mashariki, Paje au Jambiani. Huyu aliyeinama karibu nasi, nadhani anafunga mwani kwenye kamba kwa tai-tai. Au anafungua? Hapana, vipande vilivyo kwenye gunia lake ni vidogo vidogo. Angekuwa anavuna, mashada yangekuwa makubwa. Atakuwa anapanda.

Ya kulia, kwa upande mwingine, ni mnada. Bwana huyu aliyenyanyua mkono, mdomo wazi, lazima awe dalali. Chini kuna samaki wamelazwa kwenye turubai, warefu, wembamba, labda ni nguru. Mimi ni mtu wa ziwani, nawajua sangara na sato, kwa hiyo hapo nakisia tu. Vivuli ni virefu, basi ni asubuhi au jioni. Ningesema asubuhi, kwa sababu wawili hawa wamevaa majaketi, kama watu waliolala baharini.

Ipi inachosha? Kwa maoni yangu ni ya mwani. Mnadani watu wanachoka sauti, hawa wanachoka mgongo. Tena wanakimbizana na maji: yakijaa, kazi imekwisha, utake usitake. Mnada unaonekana...

MTAHINI: Asante, muda umekwisha. Marek, unakubaliana naye?

MAREK: Kwa sehemu tu, mwalimu. Dada Nakato amelinganisha kupanda mwani na kuuza samaki, lakini sidhani kwamba kazi ya wanaume hawa ilianzia hapo mnadani. Yeye mwenyewe amesema huenda walilala baharini. Mtazame huyu aliyechutama pembeni ya turubai. Macho amefumba, kichwa ameegemeza magotini. Yawezekana anaumwa, lakini mimi naona ni usingizi. Kama alivuta nyavu usiku kucha, basi yeye ndiye aliyechoka kuliko wote katika picha hizi mbili.

MTAHINI: Haya, sasa zungumzeni wenyewe kwa wenyewe, dakika moja. Nani kati yao anaelekea kuridhika zaidi na malipo yake?

NAKATO: Mimi nadhani wavuvi. Wao bei inapandishwa mbele ya macho yao. Huyu akitaja yake, yule anaongeza. Mwani sharti kwanza uanikwe, na ukikauka unabaki mwepesi, halafu unapimwa kwa kilo, na bei huwa anakuja nayo mnunuzi.

MAREK: Sawa, lakini samaki anaoza. Wakipatikana wengi siku moja, dalali anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke na bei isipande. Mama huyu mwani wake ukishakauka anaweza kuuweka nyumbani.

NAKATO: Anaweza, kama hana ada ya shule ya kulipa kesho.

MAREK: Hapo umenipata. Pengine ndiyo maana katika picha ya kushoto hakuna anayecheka.

NAKATO: Yupo! Huyu wa tatu, mwenye kanga ya njano. Tazama meno hayo. Yaonekana mwenzake kamwambia jambo.

MAREK: Au anakunja uso kwa jua.

NAKATO: Jua liko mgongoni kwake, Marek. Kivuli chake kinatujia sisi.

MAREK: Ee, kweli. Basi atakuwa anacheka.

MTAHINI: Inatosha. Asanteni. Nirudishieni picha, na mkitoka mwambieni jozi ya nne waingie.