Nunua hisa: TPCC

Saruji ya Twiga (TPCC)
Soko la Hisa la Dar es Salaam
Jumanne, saa 5:12 asubuhi. Soko liko wazi, linafungwa saa 10:00 jioni.

Bei ya mwisho: TZS 4,800
Hisa 15 ziliuzwa kwa bei hii saa 4:37 asubuhi.

Hiyo ni bei ya biashara iliyokwisha kufanyika. Zimepita dakika 35 tangu hapo, na hakuna anayelazimika kukuuzia leo kwa sababu tu mwingine aliuziwa hivyo. Tazama kwanza foleni hapa chini, kisha chagua aina ya oda.

Foleni ya sasa

| Wanaonunua: hisa | Bei wanayotoa | Bei wanayotaka | Wanaouza: hisa |
|---|---|---|---|
| 120 | 4,740 | 4,800 | 40 |
| 300 | 4,700 | 4,860 | 60 |
| 85 | 4,600 | 5,000 | 300 |

Anayetoa bei kubwa kuliko wanunuzi wote anatoa 4,740. Anayeuza kwa bei ndogo kuliko wauzaji wote anataka 4,800, tena ana hisa 40 tu. Pengo kati yao ni shilingi 60.

Idadi ya hisa: 150
Salio lako linalotumika: TZS 760,000.00

---

Chagua aina ya oda

( ) Bei ya soko
(•) Bei ya kikomo

*Tofauti yake ni nini? Gusa usome.*

Chukulia umemtuma kijana Kariakoo akuletee mchele. Ukimwambia "nataka kilo kumi, lipa bei utakayoikuta," mchele utakuja, ila bei utaijua akisharudi. Ukimwambia "usivuke elfu tatu kwa kilo," bei unaijua kabla hajatoka mlangoni, lakini anaweza kurudi na kilo sita, au mikono mitupu. Oda ya bei ya soko ni agizo la kwanza. Oda ya bei ya kikomo ni agizo la pili.

Bei ya soko

Oda yako inaanza kwa muuzaji wa bei ya chini kabisa, inamaliza hisa zake, inapanda kwa anayefuata, na kuendelea hivyo mpaka idadi yako itimie. Jina lake huwapoteza wengi: wanadhani "bei ya soko" ni ile 4,800 iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Siyo. Kwa hisa zako 150, foleni ya sasa ingekwenda hivi:

Hisa 40 kwa 4,800 = TZS 192,000
Hisa 60 kwa 4,860 = TZS 291,600
Hisa 50 kwa 5,000 = TZS 250,000
Jumla TZS 733,600, wastani wa TZS 4,890.67 kwa hisa

Ungepiga hesabu ya 150 mara 4,800 ungepata 720,000. Zimeongezeka shilingi 13,600 na hakuna aliyekudanganya: hisa za 4,800 zilikuwa 40 tu. Na hapo tumechukulia kwamba foleni haitabadilika katika sekunde chache za kuituma oda. Mwingine akiwahi zile 40 na zile 60, hisa zako zote 150 utazinunua kwa 5,000.

Kwa kampuni ambayo hisa zake zinauzwa kwa maelfu kila saa, na foleni imejaa pande zote mbili, bei ya soko haina shida na inakuokolea muda. Kwa foleni nyembamba kama hii ya leo, sisi tunaokaa na oda hizi kila siku tunakushauri uweke kikomo. Ndiyo maana ukurasa huu ukifunguka, kitufe cha kikomo ndicho kimeshachaguliwa. Una uhuru wa kukibadilisha.

Bei ya kikomo

Unaandika bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa kwa hisa moja. Oda itanunua kwa bei hiyo au chini yake. Juu ya hapo haiendi hata kwa shilingi moja. Ukiwa unauza, kikomo ni kinyume chake: bei hiyo au zaidi, chini ya hapo hatuuzi.

Kuna woga mmoja tunaouona mara kwa mara. Mteja anaogopa kuandika 4,860 akidhani atalipishwa 4,860 hata kama yupo anayeuza kwa 4,800. Haitokei hivyo. Muuzaji aliyekwisha kujipanga kwa 4,800 atakuuzia kwa 4,800. Kikomo ni ukuta, na unaruhusiwa kusimama mbali nao.

Gharama ya kikomo ni subira. Ukiandika 4,600, utajipanga nyuma ya wanunuzi wote walio 4,740 na 4,700, na nyuma ya zile hisa 85 zilizotangulia kwa bei yako. Kwenye foleni bei kubwa ya mnunuzi hutangulia. Bei zikilingana, aliyewahi hutangulia. Ukibadilisha bei ya oda inayosubiri, unapoteza nafasi yako na kuanza upya mwishoni mwa bei mpya. Kwa hiyo ifikirie bei yako mara moja, vizuri, kabla ya kutuma.

---

Kikomo chako kwa hisa moja: TZS 4,860

Kwa foleni ya sasa, hisa 100 zinaweza kununuliwa papo hapo (40 kwa 4,800 na 60 kwa 4,860). Hisa 50 zitasubiri muuzaji atakayekubali 4,860 au chini yake.

Oda idumu mpaka lini?

( ) Leo tu, mpaka soko lifungwe
(•) Mpaka Ijumaa, soko litakapofungwa
( ) Tarehe nyingine

Ikiwa husomi habari za kampuni hii kila siku, usiiache oda wiki nyingi. Habari mbaya ikitoka asubuhi, oda uliyoisahau ndiyo itakayokuwa ya kwanza kununua kutoka kwa wanaokimbia.

---

Makadirio ya gharama

| | TZS |
|---|---|
| Hisa 150 kwa 4,860 | 729,000.00 |
| Kamisheni ya dalali, 1.7% | 12,393.00 |
| Kodi ya ongezeko la thamani, 18% ya kamisheni | 2,230.74 |
| Ada ya Soko la Hisa (DSE), 0.14% | 1,020.60 |
| Ada ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), 0.14% | 1,020.60 |
| Mfuko wa fidia, 0.02% | 145.80 |
| Utunzaji wa hisa (CSDR), 0.06% | 437.40 |
| Jumla, haitazidi | 746,248.14 |

*Kwa nini tunasema "makadirio"?*

Kwa sababu ada zote ni asilimia ya pesa zitakazolipwa kweli kwa wauzaji, na pesa hizo hazijulikani mpaka oda itimie. Kwa oda ya kikomo, makadirio ni dari. Hizo 746,248.14 ndizo nyingi kabisa zinazoweza kutoka kwako, na ndizo tutakazozishikilia ukithibitisha. Ukipata hisa 40 kwa 4,800 na zilizobaki 110 kwa 4,860, gharama kamili itakuwa 743,791.36, na 2,456.78 zitarudi kwenye salio lako bila wewe kuomba.

Kwa oda ya bei ya soko hakuna dari. Makadirio yake sasa hivi ni 750,956.98 pamoja na ada, lakini bei ikiruka katikati, lazima pesa iwepo ya kumlipa muuzaji. Kwa hiyo tunashikilia 5% zaidi: 788,504.83. Salio lako ni 760,000, hivyo ukichagua bei ya soko kwa hisa 150 oda haitapita. Punguza hisa, ongeza salio, au baki na kikomo.

*Ada hizi ni kubwa?*

Zikijumlishwa ni 2.366% ya thamani ya hisa. Utazilipa unaponunua, na siku ya kuuza utazilipa tena. Ukinunua hisa hizi kwa wastani wa 4,844, itabidi bei ifike takriban 5,080 ndipo uuze bila hasara, kabla ya kuhesabu gawio lolote. Tunaiandika hapa, kwenye ukurasa wa kununua, kwa sababu hapa ndipo bado unaweza kughairi. Anayenunua leo ili auze wiki ijayo aiangalie namba hiyo kwa makini kuliko namba nyingine yoyote hapa.

Kamisheni ya 1.7% ni ya TZS milioni 10 za kwanza. Milioni 40 zinazofuata hutozwa 1.5%, na kiasi kinachozidi milioni 50 hutozwa 0.8%.

---

Hakiki oda yako

Unanunua: hisa 150 za TPCC
Aina: bei ya kikomo, isizidi TZS 4,860 kwa hisa
Inadumu: mpaka Ijumaa
Itakayoshikiliwa: TZS 746,248.14
Salio litakalobaki: TZS 13,751.86
Hisa zitaingia kwenye akaunti yako ya CDS siku 3 za kazi baada ya kila ununuzi.

[x] Nimeelewa kwamba oda inaweza kutimia yote, sehemu, au isitimie kabisa.
[x] Nimeelewa kwamba bei ya hisa inaweza kushuka baada ya kununua.

Weka namba ya siri: ● ● ● ●

[ Thibitisha oda ]  [ Rudi urekebishe ]

Dalali wako hatakupigia simu kuomba namba hii ya siri. Akikupigia mtu akaiomba, kata simu.

---

Oda imepokelewa
Saa 5:16 asubuhi

Imetimia sehemu: hisa 100 kati ya 150

Hisa 40 kwa 4,800, saa 5:16
Hisa 60 kwa 4,860, saa 5:16
Thamani: TZS 483,600.00
Ada na kodi: TZS 11,441.98
Umelipa: TZS 495,041.98

Zimerudi kwenye salio: TZS 2,456.78 (zile 40 ulizipata chini ya kikomo)
Bado zimeshikiliwa: TZS 248,749.38, kwa hisa 50 zinazosubiri
Salio linalotumika: TZS 16,208.64

Nafasi yako kwenye foleni: wa kwanza kwa bei ya 4,860. Muuzaji aliye karibu nawe anataka 5,000.

Hisa 100 ulizokwisha nunua haziwezi kughairiwa. Hisa 50 zinazosubiri unaweza kuzighairi wakati wowote kabla hazijapata muuzaji, bila ada, na pesa zake zitarudi mara moja.

[ Ghairi hisa 50 ]  [ Badilisha bei ]  [ Acha zisubiri ]