Barua kwa Zuwena

Wete, Pemba

Zuwena,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na Mama na wadogo zako pia.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili halifai kupelekwa na mtu. Zuwena, nataka tuachane. Nimelifikiri kwa muda mrefu na uamuzi wangu ndio huo.

Hukunikosea kitu. Wala hapana msichana mwengine. Najua watu watasema, usiwasikilize. Miaka hii miwili mimi niko kazini huku na wewe uko Unguja, ulinistahi na kunivumilia. Mama yangu alipougua ulipanda boti ukaja kumuuguza, na kwetu hakuna atakayelisahau hilo.

Lakini ulipotaka nilete posa, nilijiuliza kwa dhati, nikaona nakupenda kama mtu wangu wa karibu, si kama mke. Kukuposa na moyo huu ingekuwa kukudhulumu. Unastahiki mume atakayekuja kwenu kwa hamu.

Basi usiningojee, na akija mwenye kheri usimkatae kwa ajili yangu. Sitakupigia simu, usije ukadhani nimebadilisha nia. Ukiwa na la kuniuliza, niandikie nami nitakujibu kwa ukweli. Vitabu vyako vya chuo nitavituma kwa boti Ijumaa, kaka yako avipokee bandarini Malindi.

Nisalimie Mama. Akiuliza, mwambie mimi ndiye niliyeamua, wewe huna lawama hata kidogo.

Seif