Swali la madirisha mawili ya benki

Mdogo wangu, picha imekatika kidogo kona ya kulia ila swali linasomeka. Benki ina madirisha mawili. Muda wa kumhudumia mteja unafuata mgawanyo wa eksponenshali wenye wastani wa dakika 8. Unaingia, unakuta kila dirisha lina mteja na hakuna foleni.

(a) Mteja wa dirisha la kwanza ameshahudumiwa dakika 10. Tafuta uwezekano kwamba atachukua zaidi ya dakika 6 nyingine.

Hapa umeandika e^(-16/8) = 0.1353 ukakatwa alama, na najua imekuuma. Umejibu swali la mtu anayeanza sasa hivi na atakayezidisha dakika 16. Huyu tayari amezimaliza 10, kwa hiyo lazima ugawanye:

P(X > 16 | X > 10) = P(X > 16) / P(X > 10) = e^(-16/8) / e^(-10/8) = e^(-6/8) = 0.4724

Juu pamebaki P(X > 16) peke yake kwa sababu aliyezidisha 16 ameshazidisha 10. Halafu angalia jibu: ni P(X > 6) tupu. Zile dakika 10 zimefutika. Ndiyo sifa ya kutokumbuka. Moyo unakataa, unataka kusema "amekaa sana, karibu atamaliza", na hisia hiyo ndiyo mtunga swali anayoitegea.

(b) Uwezekano wa wewe kusubiri zaidi ya dakika 4.

Unasubiri yeyote kati ya wawili amalize. Ili usubiri zaidi ya dakika 4, wote wawili wavuke 4:

e^(-4/8) × e^(-4/8) = e^(-1) = 0.3679

(c) Uwezekano kwamba utakuwa wa mwisho kutoka kati yenu watatu.

Hiki ndicho kipengele ninachokipenda. Usianze intigrali. Simama pale mmoja anapomaliza nawe unapoingia dirishani kwake. Aliyebaki, hata awe ameanza zamani, muda wake uliosalia ni eksponenshali ileile ya wastani wa dakika 8, sawasawa na wako. Mnaanza pamoja, basi 1/2. Kwenye mtihani andika sentensi hiyo ya sababu. 1/2 bila maelezo inaonekana umebahatisha.

(d) Wastani wa muda wako wote benki: kusubiri 4, kwa kuwa kasi mbili za 1/8 zinajumlishwa kuwa 1/4, kisha kuhudumiwa 8. Jumla dakika 12.

Sasa rudia (c) mwenyewe, dirisha la pili likiwa na wastani wa dakika 12. Kasi ni 1/8 na 1/12, kwa hiyo la kwanza linamaliza mapema kwa uwezekano wa 0.6. Ukipata 0.6 × 0.4 + 0.4 × 0.6 = 0.48, umeelewa.