Jumatano, Amboseli

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa chini ya migunga walikolala nyani. Walishuka taratibu, madume wakitangulia kujikuna juani, watoto wakicheza juu ya mikia ya mama zao. Kiangazi kimebana, kwa hiyo asubuhi nzima waling'oa nyasi kutafuta vinundu vya mizizi.

Saa nne nikamfuatilia Zawadi kwa dakika kumi, kama utaratibu ulivyo. Alichimba kwa vidole, akafuta udongo kwenye kiganja cha mkono wa pili, akakaribia kula. Kikaja kibinti cha Malkia, hakijafika hata nusu ya kimo chake, kikasimama tu. Zawadi akaondoka na kuacha shimo lake! Najua binti hurithi cheo cha mama yake, na nimeshayajaza haya kwenye majedwali, lakini kuliona kwa macho kuliniuma.

Mchana joto kali, wakachambuana kupe kivulini. Hakuna jipya.

Jioni, karibu na kinamasi, dume mgeni alimkurupusha Zawadi mwenye kichanga cheusi kifuani. Dume Komba, rafiki yake wa siku nyingi, akaruka katikati huku meno nje, kisha akakikumbatia kichanga mpaka mama akatulia. Mzee tunayefanya naye kazi anasema Komba alimlinda hivyo hivyo mtoto wa kwanza.

Kesho nianze na Komba. Nataka kujua kama kichanga ni wake. Nikusanye kinyesi chao kwa ajili ya vinasaba.