Vituo Vinne: hotuba ya dakika tatu kuhusu mikorosho

Tasnifu: Umbali kati ya makazi na mashamba ya mikorosho katika Uwanda wa Makonde, 1970 hadi 1990.
Mahali: ukumbini, Mtwara mjini. Wasikilizaji ni wakulima, walimu, wanafunzi wa fani zote na wazee wa mtaa walioalikwa. Ukimwambia mmoja wao "nadharia tete" umempoteza.

Kanuni za shindano za kukumbuka: slaidi moja tu, isiyocheza. Hakuna kushika kitu mkononi, hivyo lile tawi la mkorosho libaki nyumbani. Ikipita 3:00 umetolewa, hata kama ukumbi mzima unapiga makofi.

Slaidi: picha ya mkorosho mmoja uliopogolewa chini, kivuli kizuri, njia ya miguu inapita pembeni. Hakuna maandishi. Nilikuwa nimeweka grafu ya tani kwa mwaka, msimamizi wangu akaniuliza, "Grafu hiyo itamfanya nani anyamaze?" Nikaitoa.

HOTUBA

(0:00. Simama kwanza, pumua, ndipo uanze. Salamu ni moja tu. "Itifaki imezingatiwa" inakula sekunde, na ukianza kuwataja wageni rasmi hutamaliza.)

Shikamooni wakubwa. Wengine, habari zenu.

Mwaka 1974 lori liliingia uwanjani kwa bibi mmoja, huko Tandahimba. Wakati ule hakuwa bibi. Alikuwa mke kijana, mtoto mgongoni. Wakapakia kitanda, sufuria, kuku, hata mlango wa nyumba. Ilikuwa Operesheni Vijiji: kila mtu ahamie kijijini, karibu na barabara na shule.

Vyote vilipakiwa. Mikorosho haipakiwi.

(Nyamaza. Hesabu mbili kimoyomoyo.)

Nilimuuliza: bibi, kutoka kijiji kipya hadi shambani ni kilomita ngapi? Akanitazama kama mtoto aliyechelewa akili. "Vituo vinne," akasema.

Wanawake wa Uwanda wa Makonde wamebeba maji kichwani vizazi na vizazi. Njia wanaipima kwa idadi ya mara unazotua mzigo. Vituo vinne kwenda, vinne kurudi.

Mwaka wa kwanza alikwenda kila wiki, akafyeka, akapogolea. Mwaka wa pili, kila mwezi. Akapata mtoto mwingine. Mwaka wa tatu alikwenda msimu wa kuokota tu.

(0:55)

Sasa mkorosho usiopogolewa una tabia yake. Machipukizi laini huota ndani, kivulini, wakati usio wao. Humo ndimo unamojificha ukungu tunaouita ubwiriunga. Unangoja. Ikifika Juni, Julai, usiku wa baridi na umande, mti ukianza kutoa maua, nao unatoka.

Mwaka mmoja bibi alifika shambani akakuta maua meupe. "Nikadhani kuna mtu kanimwagia unga wa muhogo." Baadaye yakawa meusi, yakakauka. Mwaka ule hakuokota hata debe moja.

(1:25. Hapa punguza mwendo, ni namba.)

Hakuwa peke yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Nasi tumezoea kusema: ubwiriunga ulitumaliza. Lakini ubwiriunga ulitambuliwa nchini mwaka 1979. Korosho zilikuwa zimeanza kushuka miaka kadhaa kabla.

Basi tasnifu yangu inauliza: ukungu ulipofika, ulikuta nini?

Nimetembea na wazee wa vijiji vitatu, kutoka mlangoni kwao hadi kwenye mikorosho yao ya zamani. Nilihesabu vituo, nikauliza ni lini waliacha kupogolea. Jibu lilijirudia njia baada ya njia: vituo vikizidi, panga linabaki ndani. Ukungu ulikuta mti umeshaachwa.

(2:10)

Leo tunayo salfa, dawa ya kuukinga ukungu huo. Kila msimu tunabishana: imefika, haijafika, kapewa nani. Ni ubishi wa haki. Ila kupuliza salfa kwenye mti ambao haujapogolewa ni kukumba maji kwenye ngalawa yenye tundu. Kabla ya kumuuliza mkulima kapata mifuko mingapi, tumuulize shamba lake liko vituo vingapi.

(2:30. Sasa ndipo ugeuke kuitazama picha, kabla ya hapo usiiguse hata kwa jicho.)

Mti huu uko kituo cha tatu. Mingine ilipokuwa inakauka maua, huu uliendelea kumpa korosho. Ndio pekee ambao hakuacha kuupogolea. Nikamuuliza: bibi, ulijuaje?

Akacheka. "Mjukuu wangu, sikujua chochote. Nilitaka mahali pa kukaa."

(Shuka. Hakuna "asanteni kwa kunisikiliza". Kicheko chao kiwe ndio mwisho.)

NILIVYOVIKATA, NA BADO VINANIUMA

Kuletwa kwa mkorosho kutoka Brazili na Wareno. Kila hotuba ya korosho huanzia huko, na kila msikilizaji wa Mtwara ameshaisikia shuleni.

Agizo la Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni lazima na kazi iishe ndani ya miaka mitatu. Ndilo linaloeleza kwa nini lori lilifika wakati ule. Lakini nikilitaja, wazee wa mstari wa mbele wataanza kubishana kimoyomoyo kuhusu Mwalimu, na bibi yangu atapotea katikati.

Aya nzima juu ya bei. Wakulima walilipwa kidogo miaka ile, na mtu asiyelipwa vizuri hatembei vituo vinne. Hii imo kwenye sura ya nne. Kuikata jukwaani si kuifuta, ila ninajua kuna mtu ataniuliza, na ana haki.

Jina la bibi. Tulikubaliana nisilitaje, wala jina la kijiji. Picha ya mti aliniruhusu, akaongeza kwamba mti hauna aibu. Nilitamani sana kuiweka sentensi hiyo ndani. Haikuwa na mahali: hadithi moja haibebi vichekesho viwili vya mtu yuleyule.

MAZOEZI

Mara ya kwanza nilisoma mbele ya dada yangu jikoni: 3:41. Nilikuwa naeleza ukungu kama ninavyoueleza kwa wenzangu wa kilimo. Nikaondoa jina la kisayansi, nikaondoa neno "vimelea", ikawa 3:12. Kilichonishusha chini ya tatu ni kufuta maneno "kwa hakika", "kimsingi" na "kama tunavyojua", ambayo nilikuwa nayatumia kama mtu anavyotumia mkongojo bila kuumwa mguu.

Dada alinisahihisha jambo moja kubwa. Nilikuwa nasema "wakulima walitelekeza mashamba". Akasema, "Hebu wewe nenda Shangani na kurudi kila siku na mtoto mgongoni, halafu tukuite mtelekezaji." Sasa nasema mti umeachwa. Anayesikiliza atajua aliyeuacha alikuwa mbali.

Pale kwenye "unga wa muhogo" usiigize sauti ya kizee. Sema kwa sauti yako.

MASWALI YANAYOWEZA KUJA

"Mti mmoja ni ushahidi?"
Hapana. Mti mmoja ni hadithi. Ukungu husafiri kwa upepo, na hata mti uliopogolewa vizuri huambukizwa jirani yake akiwa mgonjwa. Huu wa bibi nao ulipata madoa, ila ulichelewa kuyapata na ukabakiza maua ya kutosha. Ushahidi uko kwenye njia zote nilizotembea, pamoja na takwimu za kitaifa zinazoonyesha kuporomoka kulianza kabla ya 1979.

"Unasema Operesheni Vijiji ndiyo iliyoua korosho?"
Nasema iliongeza vituo. Bei iliongeza uzito wa mzigo. Mikorosho mingi ilikuwa inazeeka pia. Ukungu ulikuja juu ya yote hayo. Anayetaka sababu moja nitamsikitisha. Na shule na zahanati zilizokuja na vijiji ni kweli zilikuja. Bibi mwenyewe anasema watoto wake walisoma kwa sababu ya lori lile. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na mimi sina mamlaka ya kumtenganishia.

"Wazee wanakumbuka vizuri mambo ya miaka hamsini iliyopita?"
Mwaka hawakumbuki sawasawa. Wanakumbuka mtoto gani alikuwa mgongoni. Nilipanga matukio kwa umri wa watoto, kisha nikalinganisha simulizi za majirani. Ambapo majirani walipingana, nimeandika kwamba walipingana.

"Salfa haina kazi, basi?"
Ina kazi kubwa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamefanya utafiti wake kwa miongo, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, jambo ambalo bibi asingeliamini miaka ile ya themanini. Lakini salfa hukinga vizuri zaidi inapowahi, na mti uliojaa machipukizi ya ndani umeshawahiwa. Tena salfa nyingi, mwaka baada ya mwaka, huongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga. Kila mfuko tunaoweza kuuokoa kwa panga ni faida.

"Sasa serikali ifanye nini, ihamishe watu tena?"
(Wataliuliza kwa kicheko. Cheka nao, kisha jibu.) Watu wamehama vya kutosha. Huduma ndiyo isogee. Vikundi vya vijana vya kupogolea vinavyokwenda kwenye mashamba ya mbali kabla ya maua, Aprili na Mei, vikilipwa kwa mti. Na daftari la mgao wa salfa liwe na safu moja zaidi: umbali. Iandikwe kwa vituo kama mkulima atataka, karani atajifunza.

"Kituo kimoja ni mita ngapi?"
Inategemea mzigo, mwinuko na umri wa aliyebeba. Nilijaribu kukipima kwa simu, nikapata majibu tofauti kila siku. Nikamweleza bibi kwamba kipimo chake hakitulii. Akaniuliza kama mimi na simu yangu tulikuwa tumebeba ndoo.